Ujumbe Uliokosea Lango

Kiti cha Bonfils kilitengwa mapema, kabla hata bia haijaagizwa. Mama Consolée alikiazima kwa majirani pamoja na vingine, akakifuta vumbi, akakiegemeza ukutani peke yake na kumkataza kila mtu kukikalia. Hata padri alipopita kumsalimu Jumapili ile alionyeshwa kiti kingine. Epiphanie, mtoto wa mdogo wake, alicheka, akamwambia kiti ni kiti tu. Mama mkubwa wake hakucheka.

"We cheka," alisema. "Ule mutoto iko na neno yangu mu kinywa. Akikala pale, ataitosha inje."

Neno lenyewe lilimhusu Landry, mwanawe wa pekee. Mwaka wa 1996 Landry alitoka hapo mtaani Carama asubuhi, akaelekea njia ya Bubanza kumjulia hali mgonjwa, na hakuonekana tena. Barabara za siku zile zilikuwa za wenye bunduki, na kila mwenye bunduki alikuwa na mapenzi yake. Hapakupatikana mwili, basi hapakuwa na maziko. Na pasipo maziko, msiba haufungiki. Warundi msiba huufunga kwa sherehe ya pili, baada ya mwaka au zaidi: watu hukaa pamoja, hunywa, husema yaliyobaki ya marehemu, kisha mkubwa wa ukoo hutangaza kwamba waliobaki sasa waishi. Huko ndiko kuganduka. Mama Consolée alikuwa ameishi miaka tisa ndani ya msiba usio na mlango wa kutokea.

Mlango ulifunguliwa na jirani. Mzee Adolphe, wa ng'ambo ya ua, alirudi kutoka ukimbizini Kongo baada ya miaka mingi. Mwanawe Bonfils alikuwa ameingia porini na wapiganaji. Sasa ni mwaka wa 2005, vita vinakaribia kwisha, uchaguzi uko njiani, na vijana wa porini wanavuliwa sare na kurudishwa makwao. Mwezi uliopita Adolphe alivuka ua na kidumu cha pombe ya ndizi, akaketi mbele ya Mama Consolée na watu wa ukoo wake, akasema alichotumwa. Bonfils alimkuta Landry kando ya njia akiwa ameshakufa. Alimjua, kwa kuwa walikua pamoja. Akamzika kwa mikono yake, na anapajua mahali. Lakini hataki kulisema hilo kwa mdomo wa mtu mwingine. Anataka kulisema mwenyewe, ameketi, mbele ya watu, ili asije mtu akasema alilinong'ona kama muuaji.

"Akuye," Mama Consolée alijibu, na wote walimsikia. "Nitakunywa naye."

Sherehe ikapangwa Jumamosi, wiki ambayo Bonfils angetoka kwenye kambi ya kuvuliwa sare.

Epiphanie alijua yote haya, na aliyafurahia. Alikuwa yatima, mama mkubwa huyu ndiye aliyeuza mawese sokoni hadi binti akamaliza chuo na kuwa mtaalamu wa takwimu. Lakini Jumatatu ilipofika alipanda teksi kwenda kazini kwake Kibenga, mwisho mwingine kabisa wa jiji, kando ya ziwa, na kazini huko mambo ya Carama aliyaona kwa namna nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mwanasiasa. Bwana Vainqueur, mfanyabiashara aliyeongoza orodha ya chama chake kwa uchaguzi wa tarafa ya Kinama, ambamo Carama imo, alikuwa na jina la ushindi na aliona aibu kushindwa nalo. Nyumba yake ya Kibenga ilikuwa na chumba kimoja chenye kompyuta, simu zilizounganishwa kwa nyaya, na feni. Humo ndimo alimofanya kazi Epiphanie. Na uani, chini ya paa la magari, alikaa Mzee Libère na pikapu yake yenye vipaza sauti viwili, mzee aliyewapigia debe wanasiasa wa kila rangi tangu ujana wake na sauti yake ikabaki na mkwaruzo usiotibika.

Libère alikuwa na kampeni moja tu, na ilikuwa ya wazi. Unaweka ngoma nyuma ya pikapu, unagawa vitambaa na fulana, kreti mbili tatu zinafuata kwa sababu mkono mtupu haulambwi, halafu mgombea anasimama juu anasema. Anachomwambia mchoma nyama ndicho anachomwambia muuza makaa, maana wote wako pale pale. Akidanganya, wanaguna, naye anaona nyuso zao.

"Mutoto yangu," alimwambia Epiphanie siku moja, ameinama mlangoni akiitazama kompyuta kama mtu anayemtazama mgeni asiyeamkia. "Hii mashine inajua je mutu atachagua nani? Ilimuona wapi?"

"Haimujue, muzee. Inajua wenye kufanana naye."

Na akamweleza, maana alimpenda mzee na aliipenda kazi yake. Kwanza walichagua watu mia nane wa tarafa kwa bahati nasibu, wakatumwa wahojaji kuwauliza: utapiga kura? Utampa nani? Jambo gani linakuuma? Kisha yakatafutwa majalada mawili. Moja la waliogawiwa chakula cha msaada wakati wa vita, linaloonyesha kila nyumba ina watu wangapi, walikimbilia wapi, nani alikufa, nani aliingia porini. La pili la muuza laini za simu: jina, mtaa, namba. Namna majalada hayo yalivyotoka yalikohifadhiwa na kufika Kibenga, Bwana Vainqueur alijua, na Epiphanie hakuuliza. Akayaoanisha, jina kwa jina na mtaa kwa mtaa. Kwa wale waliohojiwa, kompyuta ikapima ni sifa zipi zinaandamana na jibu lipi, na kila sifa ikaipa uzito wake. Baadhi yao Epiphanie aliwaficha, kompyuta isiwaone kwanza, ili aijaribu: ibashiri majibu yao, kisha alinganishe na walivyosema kweli. Ilipatia karibu watatu katika kila wanne. Ndipo akaifungulia maelfu ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza neno, nayo ikampa kila mmoja alama, kutoka sifuri hadi mia.

"Wenye alama ya juu ni wetu tayari, tunawakumbusha tu siku ya kura," alisema. "Wa chini kabisa tunawaacha walale. Pesa na maneno tunapelekea wa katikati, wale wanaoweza kugeuka. Na kuna hesabu ya pili, inabashiri kila mmoja atageuzwa na jambo gani. Mmoja katika kumi, kwa kura ya bahati, hatumpelekei kitu. Mwishoni tutawahoji hao na wenzao, tuone kama maneno yetu yalifanya kazi au tulikuwa tunajisifu."

"Kwa hiyo kila mutu anapata maneno yake."

"Kila mtu yake."

Mzee alitikisa kichwa. "Penye wengi hapaharibiki neno," alisema. "Na penye mumoja je?"

Kutoka ndani Bwana Vainqueur alicheka. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha watoto. Alikuwa mtu wa biashara, na hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Mkutano wa hadhara, alisema, nusu ya waliokuja wangemchagua hata asingekuja, robo wamefuata bia, na waliobaki wanamchukia na wamekuja kuangalia gari. Petroli ya nini? Laini hii ya simu inamfikia mtu anayehitajika, nyumbani kwake, kwa jambo linalomgusa.

Shida ilikuwa katika mambo yenyewe. Hesabu ya pili ilionyesha makundi mawili makubwa ya wa katikati. Kundi moja ni nyumba zilizofiwa na mtu ambaye kifo chake hakijajibiwa. Kundi la pili ni nyumba zenye mtoto aliyekuwa porini. Bwana Vainqueur aliandika ujumbe wa aina mbili kwa mkono wake. Wa kwanza uliahidi kwamba walioshika bunduki watafikishwa mahakamani, hata waliokwisha kurudi. Wa pili uliahidi kwamba aliyerudi hataulizwa lolote.

Epiphanie alizisoma karatasi zote mbili akiwa amesimama. "Patron, mtu mmoja hawezi kutimiza zote mbili."

"Mama wa aliyekufa hasomi simu ya mama wa aliyerudi," Vainqueur alimjibu. "Hiyo njo uzuri yake."

Angeweza kukataa. Moyo ulimshtuka, hilo ni kweli, lakini aliumeza mshtuko huo kama watu wanavyomeza dawa chungu, akijiambia kwamba maneno ni ya mgombea na yeye anagawa tu. Tangu majalada yaoanishwe, majina hakuyaona tena. Alikuwa ameyaondoa kwenye kioo chake na kuweka namba, kwa kuwaheshimu watu, ndivyo alivyodhani. Majina yalirudishwa na programu yenyewe wakati wa kutuma, ili kila ujumbe uanze kwa kumwita mtu jina lake. Jumanne mchana alibonyeza. Simu zile za nyaya zikaanza kuwaka na kuzima mfululizo, bila sauti, hadi jioni.

Alhamisi aliomba ruhusa, akaenda Carama kusaidia maandalizi. Walikuwa uani wakichambua maharage, yeye na Mama Consolée, Adolphe alipoingia. Kwa kawaida mzee huyu hupiga hodi tangu barabarani. Safari hii hakupiga hodi. Mkononi alishika simu iliyofungwa kwenye leso.

"Consolée," alisema. "Kama ulitaka mutoto wangu aende mu prison, ungeniambia mi. Mi njo ningemwambia asikuye. Haukupashwa kunitega na kiti."

Mama Consolée aliacha maharage. "Kiti ya nini? Bonfils iko wapi?"

"Alifika jana. Alikula. Nikamupa simu anisomee, kwa sababu macho yangu haisome tena. Akasoma. Akasema, 'Baba, wanamujibu mama ya Landry, anataka kunifunga,' akatoka na njia ya nyuma. Tangu jana hatujamuona."

Epiphanie aliichukua simu. Alijua kabla hajasoma. *Mama Consolée, damu ya mtoto wako haitapotea. Walioshika bunduki watajibu mbele ya sheria, hata waliorudi nyumbani. Vainqueur yuko nawe.*

"Hii simu ni ya nani?" aliuliza.

"Yangu," alisema Adolphe.

"Mbona imeandikwa Consolée?"

Wazee wawili walitazamana, wakasahau ugomvi kwa muda mfupi, kwa jinsi swali lilivyokuwa la ajabu. Adolphe aliporudi ukimbizini hakuwa na kitambulisho, vyote viliungua. Muuza laini hamuuzii mtu asiye na karatasi. Basi Mama Consolée alikwenda naye, akatoa kitambulisho chake mwenyewe, laini ikaandikwa jina lake. Mtaa mzima ulijua. Jambo la namna hiyo halisimuliwi, maana ni ujirani wa kawaida tu, kama kuombana moto. Mama Consolée mwenyewe hakuwahi kumiliki simu, na anayemtaka huita kwenye ua.

Jalada la msaada lilimjua Consolée aliyepoteza mwana. Jalada la simu lilimjua Consolée mwenye namba. Epiphanie ndiye aliyewafanya mtu mmoja, na hakuwa na nia mbaya wakati akifanya hivyo, na nia yake njema haikumsaidia mtu.

Aliwaambia. Alikuwa amechuchumaa kati yao, maharage yamemwagika, akawaambia yote: majalada, alama, karatasi mbili za Vainqueur. Adolphe aliketi chini taratibu. Mama Consolée alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Na mi," aliuliza, "mashine ilisema mi niko je?"

"Mama mukubwa, tuache hiyo."

"Sema."

"Ilisema aliyefiwa kama wewe, wengi wao... wanaweza kuvutwa na maneno ya kulipizwa. Wengi, si wote."

"Wengi." Mama Consolée alilirudia neno hilo bila hasira. "Batu mia kama mi, labda ni kweli. Wengine wako na haki. Lakini mi, siku ya Mungu ulikuwa hapa, ulikula mboga yangu ya sombe. Haukuniuliza."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kutouliza ni nini, labda kwa kuwa kila mtu hulijua jina lake siku linapomfika. Epiphanie aliona aibu. Angepigwa kofi angeshukuru.

Alirudi Kibenga mbio. Bwana Vainqueur alimsikiliza, akasema kosa moja katika maelfu si kosa, ni bahati. "Mutumie ujumbe ingine huyo muzee, tuombe pardon, basi."

"Aliyekimbia hana simu. Simu imebaki na baba yake. Tulisema, na sasa hatuna njia ya kumwambia."

"Basi muache."

"Tangaza, patron. Sema kwenye redio, sema kwenye mkutano, kwamba ujumbe ule ni wako na si wa yule mama."

Vainqueur alimtazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Na ile ingine niseme nini? Nikifungua mudomo mbele ya watu, upande zote mbili zinaondoka. We njo ulifanya hesabu. Hesabu mwenyewe."

Alihesabu, na Vainqueur alikuwa sahihi. Kampeni yake ilisimama juu ya jambo moja, kwamba majirani wasisimuliane. Epiphanie alitoka nje akakaa kwenye kizingiti cha banda la magari na kulia waziwazi, bila kujali walinzi.

Mzee Libère alikuwa akifunga vipaza sauti kwenye pikapu. Alimwacha alie, kisha akauliza kulikoni. Alipoambiwa, hakusema nilikuambia, na hilo Epiphanie alilikumbuka baadaye. Alikaza kamba ya mwisho.

"Mutoto kama ule hawezi kupita vizuizi vya askari bila karatasi," alisema. "Atakuwa mu mashamba ya muchele, karibu. Akikaa kule atasikia gari. Kesho nimepangwa Carama. Patron ameandika mwenyewe."

Ijumaa asubuhi pikapu iliingia Carama, picha za Vainqueur zimebandikwa pande zote mbili, anatabasamu kwa kila anayepita. Nyuma, mahali pa ngoma, waliketi Mama Consolée katika kanga yake ya kanisani, Adolphe kando yake na Epiphanie amejibanza. Libère aliendesha polepole, akapita soko, akapita shule, akaifuata njia ya vumbi inayokwenda hadi nyumba zinapoisha na mpunga unapoanza. Hapo akazima injini, akampa Mama Consolée kipaza sauti na kumwonyesha pa kubonyeza.

Hakuwahi kushika kitu kile. Mwanzo sauti yake ilipiga yowe la chuma, ndege wakaruka shambani, watoto wakacheka. Akangoja kicheko kiishe.

"Mi ni Consolée," alisema. "Mama ya Landry. Bonfils, kama unanisikia, sikia vizuri. Yale maneno mu simu si yangu. Sikutuma mutu. Nilisema mbele ya baba yako na mbele ya wakubwa wangu nitakunywa na we. Nasema tena, na hawa wote wanasikia. Kiti iko pale. Kesho."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika, kama wanavyokusanyika popote penye pikapu ya kampeni, wakitazama kama kuna fulana. Mama Consolée alimgeukia Epiphanie, akampa kipaza sauti. "Na we usome. Yote mbili."

Epiphanie alisimama juu ya pikapu. Alisema jina lake na kazi yake. Akasoma ujumbe wa kwanza hadi mwisho, kisha wa pili hadi mwisho, akasema zote mbili zimeandikwa na mtu mmoja, huyu aliye hapa kwenye picha, na kwamba yeye Epiphanie ndiye aliyechagua nani apate upi. Mwanamke mmoja akatoa simu kifuani, akaiangalia, akamwonyesha jirani yake. Jirani akatoa ya kwake. Wakaanza kusomeana kwa sauti. Mmoja alikuwa na mtoto aliyerudi, mwenzake alizika mume, na walikuwa wanauza mihogo kwenye meza moja.

"Mi sikupata kitu!" mwanamume mmoja alilalamika kutoka nyuma. "Sababu ya nini mi sikupata?"

Epiphanie alikisia kwa nini: labda alikuwa mmoja katika kumi, walioachwa kwa bahati nasibu ili wengine wapimwe. Watu walianza kuguna, mguno mzito wa kutoka kifuani, na Mzee Libère, aliyekuwa ameegemea mlango wa gari, alizitazama nyuso zao moja moja kama alivyozoea. Kisha akalizunguka gari na kubandua picha za patron wake, taratibu, bila kuzichana, akazikunja akazitia chini ya kiti. Jioni hiyo yeye na Epiphanie walifukuzwa kazi.

Jumamosi ilikuwa na jua kali. Watu walijaa uani hadi nje ya lango, wengi kuliko walioalikwa, kwa kuwa habari ilikuwa imetembea. Walikula. Walisema mema ya Landry: ubishi wake, kupenda kwake mpira, jinsi alivyokuwa akiimba vibaya kanisani na hakuna aliyethubutu kumwambia. Adolphe aliketi karibu na kiti kilichokuwa wazi, mikono magotini, na kila lango lilipolia aliinua kichwa. Jua lilianza kuelekea upande wa Kongo. Mkubwa wa ukoo alitazama saa, akasimama, akakohoa, akaanza maneno ya kufunga.

"Bado," alisema Mama Consolée.

"Dada, watu wamechoka."

"Wakae. Mi nimekaa miaka tisa."

Mkubwa wa ukoo aliketi. Hakuna aliyeondoka. Mazungumzo yalianza tena chini chini, kisha yakafa upande wa langoni, na kimya kikatembea hadi ndani. Bonfils alikuwa amesimama pale. Alikuwa na tope hadi magotini, mrefu, mwembamba kuliko walivyomkumbuka, na mikono yake ameiweka mbele, wazi, ili kila mtu aione kuwa mitupu.

Hakuna aliyemwonyesha kiti. Alikiona mwenyewe. Alipita katikati ya watu, wakajivuta kumpa njia, akaketi.

Mama Consolée alimimina pombe ya ndizi kwenye kibuyu. Alionja yeye kwanza, kama mwenye nyumba anavyopaswa kufanya ili mgeni asiogope, akameza mbele ya macho ya wote, kisha akampa. Kijana alipokea kwa mikono miwili. Alikunywa, akakirudisha, na ndipo akasema, si kwa sauti kubwa, lakini ua mzima ulimsikia.

"Ni karibu ya mto Mpanda. Kuna mufereji ya zamani ya kupeleka maji mu muchele, ilikauka. Pembeni yake kuna mipera tatu. Iko chini ya ule wa katikati. Sikuwa na jembe, nilichimba na panga, haikuenda chini sana. Mama, unisamehe kwa hiyo. Nilimufunika na koti yangu. Kichwa nilikiweka upande wa huku, nyumbani."

Mama Consolée hakupiga yowe. Alirudia taratibu, kama anayejifunza njia: mfereji, mipera mitatu, wa katikati. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta, na Adolphe akalia, na wanaume waliokuwa hawajalia kwa miaka wakainamisha vichwa. Alinyoosha mkono akaushika mguu wa Bonfils penye tope, akauacha mkono wake pale muda mrefu.

Epiphanie alikuwa amesimama karibu na jiko. Tangu washuke kwenye pikapu, mama mkubwa wake hakuwa amemsemesha ila kwa mambo ya vyungu. Alisogea, akapiga magoti mbele yake kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto.

"Mama mukubwa," aliuliza, "unataka mi nifanye nini?"

Mama Consolée alimtazama. Alikuwa bado ameshika mguu wa kijana yule.

"Sasa umeniuliza," alisema. "Kesho uchukue jembe."